Chekeche la namba tasa linaanguka, kipeo kinatoa jibu hasi: dalili, vyanzo na marekebisho

Matatizo yaliyomo humu ndiyo yanayojirudia kwenye vyumba vya kompyuta vya Arusha na Moshi: kwa wanafunzi wa vyuo, kwa vijana wanaojiandaa na mashindano ya programu, na kwa walimu wa hisabati wanaotaka orodha ya namba tasa ya kutumia darasani. Yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi wa dakika moja umewekwa kabla ya kazi ya kubomoa msimbo. Utaona kwamba mengi yanaishia kwenye mstari mmoja tu, pale namba inapozidishwa kwa yenyewe.

Msimbo unaozungumziwa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni chekeche la Eratosthene, Mgiriki wa Kirene aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo. Unaandika namba zote hadi N, unachukua namba tasa ya kwanza, unakata vigawe vyake, unakwenda kwa inayofuata ambayo haijakatwa.

```python
def chekeche(N):
    tasa = bytearray([1]) * (N + 1)
    tasa[0] = tasa[1] = 0
    p = 2
    while p * p <= N:
        if tasa[p]:
            for k in range(p * p, N + 1, p):
                tasa[k] = 0
        p += 1
    return tasa
```

Wa pili unatafuta baki la kizio `a` kilichopandishwa kwa kipeo `e`, kikigawanywa kwa `m`, bila kuzidisha mara `e`. Unazidisha kizio kwa chenyewe tena na tena, na kila hatua unabaki na baki tu.

```cpp
long long kipeo(long long a, long long e, long long m) {
    long long r = 1 % m;
    a %= m;
    if (a < 0) a += m;
    while (e > 0) {
        if (e & 1) r = r * a % m;
        a = a * a % m;
        e >>= 1;
    }
    return r;
}
```

Pima kabla ya kusoma msimbo

Kwa chekeche, weka N = 1000 uhesabu zilizobaki. Jibu sahihi ni 168. Hadi 100 ziko 25, hadi 1,000,000 ziko 78,498, na hadi 100,000,000 ziko 5,761,455. Hizi ni hesabu zisizobadilika, ziandike ukutani kabisa.

Kwa kipeo, tumia mfano unaoweza kuufuata kwa kalamu: 7 kwa kipeo cha 45, baki la kugawa kwa 101. Namba 45 ni 32 + 8 + 4 + 1. Anza na 7. Kipeo cha 2 ni 49. Kipeo cha 4 ni 49 mara 49, yaani 2,401, baki 78. Kipeo cha 8 ni 78 mara 78, yaani 6,084, baki 24. Kipeo cha 16 kinatoa baki 71, na cha 32 kinatoa 92. Sasa zidisha zile unazozihitaji tu, ukichukua baki kila mara: 7 mara 78 ni baki 41, mara 24 ni baki 75, mara 92 ni baki 32. Jibu ni 32. Programu ikitoa namba nyingine, iambie ichapishe `r` na `a` kila mzunguko uzilinganishe na hizi. Mstari wa kwanza unaotofautiana ndio wenye ugonjwa.

Dalili: chekeche linatoa 169, 170 au 157 badala ya 168

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na namba yenyewe inakuambia kosa liko wapi.

Ukiona 170, hujakata 0 wala 1. Ukiona 157, umekata namba tasa zenyewe: mzunguko wa ndani unaanzia `p` badala ya `p * p`, kwa hiyo 2, 3, 5 na kuendelea hadi 31 zimeondoka pamoja na vigawe vyake. Ni namba tasa 11, na 168 ukitoa 11 ni 157.

Ukiona 169 pana vyanzo viwili, na watu wengi hurekebisha kile kisichohusika. Chanzo cha kawaida ni kwamba 0 imekatwa lakini 1 imeachwa. Angalia mwanzo wa orodha. Kama 1 haimo, nenda moja kwa moja utazame 961. Hiyo ni 31 mara 31, na ikiwa imebaki basi mzunguko wa nje umeishia mapema. Katika Python hutokea hivi: mtu anaandika `range(2, int(N ** 0.5))`, kipeuo cha pili cha 1,000 ni 31 na ushee, na `range` haifiki kwenye namba ya mwisho. Inasimama 30. Vigawe vyote vya 31 hadi 1,000 vimekwishakatwa na namba ndogo zaidi, isipokuwa 961 peke yake. Ongeza `+ 1` ndani ya `range`, au tumia `while p * p <= N` kama juu, ambayo haihitaji kipeuo chochote.

Kuna toleo la kosa hilihili linalojificha vizuri zaidi. Ukiandika `p * p < N` bila alama ya usawa, programu itatoa 25 kwa 100, 168 kwa 1,000, na 78,498 kwa 1,000,000. Zote sahihi. Kosa linaonekana pale tu N inapokuwa namba tasa iliyozidishwa kwa yenyewe, na 10, 100 na ndugu zake haziwezi kuwa hivyo kamwe. Ndiyo maana kupima kwa namba kama hizo peke yake hakutoshi. Pima kwa 49, jibu liwe 15, na kwa 121, jibu liwe 30. Ukipata 16 au 31, umeliona. Pima pia kwa 97, ambayo yenyewe ni tasa: jibu ni 25, na ukipata 24 safu yako ina nafasi N badala ya N + 1, hivyo namba ya mwisho haikupata mahali pa kukaa.

Dalili: C++ inafanya kazi kwa N = 40,000, inaanguka kwa N = 100,000

Programu inakufa bila maelezo, au inaandika `Segmentation fault`. Wengi hudhani kumbukumbu imejaa, wanapunguza safu au wanaazima kompyuta nyingine. Safu ya nafasi 100,000 ni ndogo sana, kumbukumbu haihusiki.

Angalia kwanza mzunguko wa nje. Kama unakwenda hadi N, na wa ndani unaanzia `i * i`, na `i` ni `int`, chanzo ni hiki. `int` ya biti 32 haiwezi kubeba zaidi ya 2,147,483,647. Namba 46,340 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2,147,395,600, inaingia. Namba 46,341 inatoa 2,147,488,281, haiingii. Sasa 46,341 si tasa, wala 46,343, wala witiri zinazofuata mpaka 46,349. Hapo ndipo chekeche linapofika kwenye namba tasa ya kwanza iliyo kubwa mno. Mara yenyewe ni 2,148,229,801. Kompyuta, kwa kawaida, inaisoma kama -2,146,737,495. Mzunguko unaona namba hiyo ni ndogo kuliko N, unaingia, unaandika kwenye nafasi hasi ya safu, na mfumo wa uendeshaji unaiua programu.

Kwa hiyo ukitaka uhakika, chapisha `i` kabla ya mzunguko wa ndani. Ikisimama kwenye 46349, umemaliza uchunguzi.

Marekebisho rahisi ni kusimamisha mzunguko wa nje kwa sharti `(long long)i * i <= N`. Kwa N = 100,000 hautavuka 316, na namba zinazofurika hutazifikia kabisa. Usiandike `(long long)(i * i)`, kwa sababu hapo kuzidisha kumekwisha kufanyika ndani ya biti 32 na unachokipanua ni jibu lililokwisha kuharibika. Mabano hayo yamewapotezea watu jioni nzima.

Kama mzunguko wa nje tayari unaishia kwenye kipeuo cha pili na bado inaanguka, tazama safu ilikotangazwa. Safu ya mamilioni ya nafasi ikitangazwa ndani ya `main` inawekwa kwenye rafu, ambayo kwa kawaida ina megabaiti chache tu. Itumie kama `vector`, au itoe nje ya `main`.

Dalili: majibu ya chekeche ni sahihi lakini linachukua muda mrefu

Hapa gharama ndiyo inayokuongoza. Chekeche lililoandikwa vizuri, kwa N = 1,000,000, linakata mara milioni 2.1 hivi. Gharama yake inakua karibu sawasawa na N yenyewe, ikizidishwa kwa logi ya logi ya N, namba ambayo kwa milioni moja haifiki hata 3. Ukiongeza N mara kumi, subiri mara kumi na kidogo. Kama kwako kuongeza N mara kumi kunaongeza muda mara hamsini au mia, huna chekeche. Una kitu kingine kilichovaa jina lake.

Mara nyingi kitu hicho ni kugawa: kwa kila namba, programu inajaribu kuigawa kwa kila namba ndogo kuliko hiyo. Kwa namba tasa peke yake, hadi milioni moja, huko ni kugawa zaidi ya mara bilioni 37. Tafuta alama ya `%` ndani ya mzunguko. Chekeche la kweli halina kugawa popote, linapiga hatua za `p` na kukata tu.

Chanzo kinachofuata ni kusahau `if tasa[p]`. Jibu halibadiliki, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, lakini programu inakata pia vigawe vya 4, 6, 8, 9 na wenzake, ambavyo vilikwisha kukatwa. Kwa milioni moja, mikato inapanda kutoka milioni 2.1 hadi karibu milioni 6.

Kuanzia `p * p` badala ya `2 * p` husifiwa kuliko inavyostahili. Sababu yake ni nzuri: kigawe chochote cha `p` kilicho chini ya hapo kina kigawo kidogo zaidi na kimeshakatwa. Ni kama madaraja ya kahawa yanapopangwa Moshi kwenye machekeche yanayofuatana. Punje iliyokwisha kuangukia daraja lake hairudishwi juu ikachekechwe upya. Ila akiba yake si kubwa. Ukiruhusu kila namba tasa ianzie `2 * p` na uende hadi N, mikato ni milioni 2.8 hivi. Umeokoa robo. Kama programu yako imechelewa mara kumi, ugonjwa hauko hapo.

Katika Python, baada ya hayo yote kuwa sawa, kinachobaki ni uzito wa mzunguko wa ndani wenyewe. Badilisha mistari miwili ya ndani kwa huu mmoja, na ukataji utafanyika kwa mkupuo:

```python
tasa[p*p::p] = bytes(len(range(p*p, N + 1, p)))
```

Dalili: kompyuta nzima inaganda N inapokuwa kubwa

Kipanya hakisogei, taa ya diski inawaka bila kukoma. Chanzo cha kwanza ni orodha ya kawaida ya Python, `[True] * (N + 1)`. Kila nafasi inachukua baiti 8. Kwa N ya milioni 100 ni megabaiti 800. Kwa bilioni moja ni gigabaiti 8, na kompyuta nyingi za maabara zina gigabaiti 4. `bytearray` inachukua baiti 1 kwa nafasi, kwa hiyo megabaiti 100 na gigabaiti 1 mtawalia. Ukihifadhi witiri tu, gawa tena kwa mbili. Mabadiliko hayo ya maneno mawili yanatosha kwa karibu kila anayelalamika.

Simamisha programu mara moja diski inapoanza kuhangaika hivyo, usiiache ikimbie usiku kucha ukitumaini itamaliza. Ikiwa mashine ni ya chumba cha pamoja au ni seva ya ofisi, usiongeze ukubwa wa kumbukumbu ya diski kwa mkono wako, mwite anayeitunza.

Ukihitaji bilioni moja kweli, chekecha kwa vipande. Tafuta kwanza namba tasa hadi 31,622, ziko 3,401. Kisha chukua namba milioni moja kwa wakati mmoja, kuanzia L, na kata kwa kutumia hizo 3,401 peke yake, ukitumia safu ileile tena na tena. Kumbukumbu inayotumika haizidi megabaiti chache. Kosa la hapa liko kwenye mahali pa kuanzia. Kigawe cha kwanza cha `p` ndani ya kipande ni `(L + p - 1) // p * p`, lakini lazima uchukue kilicho kikubwa kati ya hicho na `p * p`, la sivyo kipande cha kwanza kitakata namba tasa zenyewe. Dalili yake ni kwamba jumla inapungua kwa mia au elfu chache huku vipande vyote vya mbele vikiwa sahihi. Andika hesabu ya kila kipande kwenye faili kinapomalizika. Umeme ukikatika, unaendelea kutoka kipande cha mwisho badala ya kuanza mwanzo.

Dalili: kipeo kinatoa namba hasi, sifuri, au jibu lisilo sahihi kwa `m` kubwa tu

Mfano wa 7, 45 na 101 unapita vizuri, lakini kwa `m` = 1,000,000,007 majibu ni ya ajabu. Ni ugonjwa uleule wa 46,349 umehama nyumba. Baki kubwa kuliko yote ni `m - 1`, na mstari wa `a * a` utalizidisha kwa lenyewe. Kwa `int` ya biti 32, uko salama `m` isipozidi 46,341.

Ukaguzi wa haraka: ita `kipeo(m - 1, 2, m)`. Jibu lazima liwe 1 kwa `m` yoyote inayozidi 1, kwa sababu `m - 1` ni sawa na -1 katika hesabu za baki. Huko ndiko kuzidisha kukubwa kuliko kote kunakoweza kutokea, kwa hiyo kama hapa hapafuriki, hapafuriki popote.

Ikikataa, chanzo cha kwanza ni `int`. Ibadilishe kuwa `long long` kila mahali, pamoja na thamani zinazopokelewa na kazi yenyewe. Hiyo inakufikisha kwenye `m` ya bilioni 3 hivi. Zaidi ya hapo, kwa mfano `m` yenye tarakimu 12, hata `long long` inafurika, na kwa kompaila ya GCC kwenye mashine ya biti 64 unaandika `(__int128)a * a % m`.

Chanzo cha pili hakionekani kwa macho ya haraka: `r *= a % m`. Inasomeka kama iko sawa, lakini baki linachukuliwa kwa `a` kwanza, kisha `r` inazidishwa bila kupunguzwa. Inakua hadi inafurika. Andika `r = r * a % m` kwa urefu wake.

Kwenye JavaScript hakuna namba hasi wala kuanguka, na hilo ndilo baya. Namba za kawaida ni kamili hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Zaidi ya hapo tarakimu za mwisho zinakadiriwa kimyakimya. Kwa kipeo, hiyo ina maana `m` isizidi milioni 94.9 hivi. Tumia `BigInt` kwa kila namba, ikiwa ni pamoja na `1n` na `2n`.

Ikiwa jibu ni hasi hata kwa `m` ndogo, kizio chako ni hasi. Katika C++ na Java, `-7 % 101` ni -7. Katika Python ni 94. Mstari wa `if (a < 0) a += m` unaliponya.

Kuna pia jibu ambalo linasema lenyewe. Ukipata 42 kwa mfano wa 7 na 45 katika Python, umeandika `7 ^ 45`. Alama hiyo si ya kipeo. Inalinganisha biti za namba mbili. Tumia `pow(7, 45, 101)`.

Dalili: kipeo hakimalizi

Kwa watumiaji wa Python, tazama kama umeandika `a ** e % m`. Kompyuta inajenga kwanza namba nzima ndipo igawe. Kizio 7 kwa kipeo cha bilioni moja kina tarakimu milioni 845 hivi. `pow(a, e, m)` yenye thamani tatu inachukua baki kila hatua na haivuki ukubwa wa `m` mara yenyewe.

Walioandika wenyewe kwa kujiita upya mara nyingi wana mstari kama huu: `kipeo(a, e/2, m) * kipeo(a, e/2, m)`. Jibu ni sahihi, ila kila ngazi inafanya kazi ileile mara mbili, na faida yote inapotea: unarudi kwenye kuzidisha mara `e`. Hifadhi nusu kwenye kigeu kimoja kisha kizidishe kwa chenyewe. Ili kujua kama umepona, hesabu kuzidisha. Kwa kipeo 1,000,000,005, ambacho kwa mfumo wa biti kina nafasi 30 na zenye 1 ni 15, msimbo wa juu unazidisha mara 45. Kaunta ikikuonyesha mamilioni, kosa bado lipo.

Ikiwa ni mara 45 na bado ni polepole, namba zenyewe ni kubwa. Hapo kila kuzidisha kuna bei yake. Kwa njia ya kawaida ya kuzidisha, kuongeza tarakimu maradufu kunapandisha bei ya kuzidisha kumoja mara nne, na idadi ya hatua inakuwa mara mbili ikiwa kipeo nacho kimerefuka hivyo. Jumla ni mara nane. Hilo si kosa la msimbo.

Dalili: jibu si sahihi pale tu kipeo kinapopunguzwa kwanza

Watu hupunguza kipeo kwa kuchukua baki la `m`. Ikiwa `m` ni tasa na haigawi kizio, kipeo kinapunguzwa kwa `m - 1`, kwa kanuni ya Fermat. Jaribu 7 kwa kipeo cha 145, kwa 101. Ukigawa 145 kwa 100 unabaki na 45, jibu 32, sahihi. Ukigawa kwa 101 unabaki na 44, jibu 19, si sahihi. Kama `m` si tasa, acha kipeo kama kilivyo. Hatua chache zaidi hazigharimu kitu.

Kuzipima programu mbili kwa pamoja

Kanuni hiyo ya Fermat inakupa mtego mzuri. Kwa kila namba tasa witiri `n`, 2 kwa kipeo cha `n - 1` kunaacha baki 1 ukigawa kwa `n`. Hesabu ni ngapi zinapita kati ya 2 na 1,000:

```python
print(sum(1 for n in range(2, 1001)
          if pow(2, n - 1, n) == 1))
```

Jibu ni 170. Namba tasa witiri ni 167, na tatu za ziada ni 341, 561 na 645, ambazo si tasa lakini zinapita jaribio hili. Weka kazi yako mwenyewe mahali pa `pow`, kisha linganisha na orodha ya chekeche: tofauti ziwe hizo tatu, pamoja na 2 ambayo imo kwenye chekeche peke yake. Tofauti nyingine yoyote ina anwani kamili ya kosa. Usiichanganye 170 hii na ile ya juu ya 0 na 1.

Na hizo tatu ndizo sababu ya kutotumia jaribio hili kama hakimu wa mwisho. Hata ukibadilisha kizio, 561 inapita kwa kila kizio kisichogawanyika kwa 3, 11 wala 17.

Simama hapa, mwite mtaalamu

Ikiwa kipeo chako kitalinda kitu halisi, kama nywila za wanachama wa saccos, malipo au mawasiliano ya zahanati, usitumie msimbo wa humu. Tazama tena mstari wa `if (e & 1)`: kuzidisha kwa ziada kunafanyika biti ikiwa 1 tu. Kipeo kikiwa ndicho siri, muda unaotumika unaivujisha, na mwaka 1996 Paul Kocher alionyesha jinsi ya kuusoma muda huo. Majibu yote yatakuwa sahihi na vipimo vyote vya juu vitapita, kwa hiyo hakuna dalili utakayoiona. Tumia maktaba ya usimbaji inayotunzwa na kusasishwa, na kazi ya kuiunganisha ikaguliwe na mtu wa usalama wa mifumo kabla namba ya kwanza ya mteja haijaingia.